Umdai mfadhili kwa risiti au kwa hatua iliyokamilika? Ulinganisho kwa mashirika madogo ya Dar es Salaam

Mkataba wa ruzuku una kipengele kimoja ambacho viongozi wa mashirika madogo hukisoma mbiombio, kwa sababu macho yote yako kwenye jumla ya fedha: kipengele cha namna ya kulipwa. Mimi ni mhasibu, nimeyafanyia kazi mashirika ya aina hiyo hapa Dar, na nikipewa rasimu ya mkataba naanza hapo. Kipengele hicho ndicho kinachoamua kama mwisho wa robo mwaka mtakuwa mnatafuta risiti ya ukumbi uliokodiwa miezi miwili iliyopita, au mtakuwa mnabishana na mfadhili kama watu 41 wanatosha kuitwa 45.

Njia kubwa ziko mbili. Ya kwanza ni kulipwa gharama halisi: mnatumia, mnakusanya ushahidi wa kila shilingi, mnapeleka ankara yenye mchanganuo, na mfadhili anarudisha kile alichokikubali. Ya pili ni kulipwa kwa hatua: bei ya kazi inakubaliwa kabla, kazi ikikamilika mnapeleka ankara ya mstari mmoja pamoja na uthibitisho kwamba imefanyika, na risiti zinabaki kabatini kwenu. Wafadhili wengi wakubwa wanazijua zote mbili, na mara nyingi shirika lina nafasi ya kuomba mojawapo kabla ya kusaini. Baada ya kusaini, nafasi hiyo ni finyu mno.

Nitazilinganisha kwa kazi ileile moja. Tuseme shirika la Temeke linaendesha mafunzo ya siku 3 pale Mbagala kwa viongozi 50 wa vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Takwimu ni za mfano, ila aina za matumizi ni zilezile ninazokutana nazo kila mara. Bajeti ni hii: ukumbi 900,000, chakula na chai 2,250,000, yaani 15,000 kwa mtu kwa siku, nauli ya washiriki 1,500,000, yaani 10,000 kwa mtu kwa siku, mwezeshaji 1,000,000, vifaa vya kuandikia 500,000, na sehemu ya mshahara wa mratibu 495,000. Jumla ya gharama za moja kwa moja ni shilingi 6,645,000. Mkataba unaruhusu asilimia 7 juu yake kwa gharama za uendeshaji wa ofisi, ambazo ni 465,150. Bajeti nzima ni 7,110,150.

Siku zikafika. Siku ya kwanza walikuja 46, ya pili 43, ya tatu 41. Jumla ni mahudhurio 130 badala ya 150.

Mkilipwa gharama halisi

Ankara hapa haiwezi kufuata bajeti, inafuata kilichotokea. Na kila mstari una ushahidi wake wa namna tofauti, jambo ambalo watu wengi hawalitegemei. Wanadhani risiti ni risiti.

Ukumbi ndio mwepesi kuliko yote, mradi mwenye ukumbi awe na mashine ya EFD. Mkataba wa kukodi, ankara yake, uthibitisho wa benki na risiti ya EFD, basi. Lakini angalia mambo mawili kwenye risiti hiyo kabla hujaondoka mlangoni. Jina la mnunuzi liwe la shirika pamoja na TIN ya shirika, lisiwe la mfanyakazi aliyetumwa. Na tarehe iwe ndani ya kipindi cha mkataba. Mkataba ukianza Machi 1 na ninyi mmelipia ukumbi Februari 26 ili usichukuliwe na wengine, mfadhili ana haki ya kuukataa mstari mzima, hata kama mafunzo yenyewe yalifanyika Machi. Kama hamna budi kulipa mapema, ombeni ruhusa ya maandishi kwanza.

Risiti ya EFD huchapwa kwenye karatasi ya joto, na kwa hali ya hewa ya mji huu maandishi yanafifia ndani ya miezi michache. Itolewe nakala siku hiyohiyo, ibanwe pamoja na ile halisi. Na kabla ya kuifungia kwenye jalada, ihakikiwe: fungua `verify.tra.go.tz`, andika msimbo wa uhakiki ulio chini ya risiti na saa iliyochapwa. Ikionekana, kiasi na jina la muuzaji vilingane na karatasi uliyoishika. Kazi hiyo haizidi dakika mbili, na ndiyo kazi ambayo mkaguzi ataifanya mwaka ujao akiwa na shaka.

Chakula ndipo hesabu inapogombana na mahudhurio. Mpishi alitoa risiti ya sahani 136, sawa na 2,040,000. Orodha ya mahudhurio ina sahihi 130. Mkaguzi yeyote atauliza sahani 6 zilikwenda wapi. Jibu lipo: mratibu na mwezeshaji walikula siku zote 3. Lakini jibu hilo liandikwe kwenye hati ya malipo wakati watu bado wanakumbuka, na majina yao yawe chini ya orodha. Jibu lilelile likitolewa mwaka mmoja baadaye linasikika kama kisingizio.

Nauli ndiyo inayosumbua kuliko yote. Bodaboda na daladala hawana EFD, na hakuna mfadhili mwenye akili timamu anayewataka wawe nayo. Kinachotakiwa ni orodha yenye jina, kikundi anachotoka, kiasi, namba ya simu na sahihi ya kila siku, pamoja na taarifa ya malipo kutoka M-Pesa, Airtel Money au mtandao mwingine mliotumia. Mnapolipa kwa simu, tatizo linalojirudia ni jina: mshiriki ni Mwanahawa, laini imesajiliwa kwa jina la mwanawe. Taarifa ya mtandao inaonyesha jina la mwana, orodha inaonyesha la mama, na mkaguzi anaona mtu aliyelipwa bila kuhudhuria. Ongezeni safu moja kwenye orodha, "laini imesajiliwa kwa jina la nani", mshiriki aijaze mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Hapa mahudhurio 130 yanaleta 1,300,000.

Mwezeshaji ana kodi ya zuio. Kwa huduma za kitaalamu za mkazi, shirika linakata asilimia 5 na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kwisha. Kwa hiyo ankara yake ni 1,000,000, benki inaonyesha 950,000, na 50,000 iko kwenye malipo ya TRA. Gharama kwenu ni milioni nzima. Nimeona ankara kwa mfadhili zinazodai 950,000 kwa sababu mhasibu aliangalia taarifa ya benki tu, na shirika likabeba elfu hamsini zake kimyakimya. Nimeona pia kinyume chake: milioni imedaiwa, uthibitisho wa TRA haupo, mfadhili anauliza ile 50,000 ilikwenda kwa nani. Viambatisho viwe vyote: ankara ya mwezeshaji, malipo ya benki, malipo ya TRA na cheti cha zuio.

Vifaa vilinunuliwa Kariakoo. Kule swali la muuzaji ni moja: na risiti au bila risiti? Bei ya bila risiti inavutia, lakini kwa fedha ya ruzuku haina maana, kwa sababu kitu kisichodaika ni ghali hata kikiuzwa nusu bei. Walilipa 400,000 na VAT ya asilimia 18, yaani 72,000, jumla 472,000. Shirika ambalo halijasajiliwa VAT haliwezi kuidai kodi hiyo TRA, kwa hiyo kwao ni gharama. Hata hivyo someni mkataba: Umoja wa Ulaya, kwa mfano, huikubali VAT pale tu shirika lisipoweza kurudishiwa, na unaweza kutaka uthibitisho wa hilo.

Mshahara wa mratibu haudaiwi kwa kile kilichoingia mfukoni mwake. Unadaiwa kwa mshahara ghafi, 1,500,000, ukijumlisha mchango wa mwajiri wa NSSF wa asilimia 10, yaani 150,000. Mwezi huo ulikuwa na siku 20 za kazi, na karatasi yake ya muda inaonyesha siku 6 kwenye mradi huu. Siku 6 kati ya 20 ni asilimia 30, nayo asilimia 30 ya 1,650,000 ni 495,000. Imelingana na bajeti, na kulingana huko ni kwa bahati. Angefanya siku 5, mngedai 412,500. Karatasi ya muda inayoonyesha asilimia 30 kamili kila mwezi kwa mwaka mzima haimridhishi mkaguzi, na ana haki asiridhike, maana hakuna binadamu anayefanya kazi hivyo.

Mchanganuo wa ankara unakuwa hivi:

| Mstari | Bajeti (TZS) | Halisi (TZS) | Kiambatisho |
|---|---|---|---|
| Ukumbi | 900,000 | 900,000 | 1 |
| Chakula na chai | 2,250,000 | 2,040,000 | 2 |
| Nauli ya washiriki | 1,500,000 | 1,300,000 | 3 |
| Mwezeshaji | 1,000,000 | 1,000,000 | 4 |
| Vifaa | 500,000 | 472,000 | 5 |
| Mshahara wa mratibu | 495,000 | 495,000 | 6 |
| Jumla ya moja kwa moja | 6,645,000 | 6,207,000 | |
| Uendeshaji, asilimia 7 | 465,150 | 434,490 | |
| Jumla | 7,110,150 | 6,641,490 | |

Uendeshaji hauna risiti. Ndiyo maana yake: ni kiwango cha kufidia kodi ya ofisi, umeme, mlinzi na mhasibu, vitu ambavyo haviwezi kugawanywa kwa mradi mmoja kwa haki. Lakini msidai umeme kwenye mstari wake halafu mkachukua na asilimia 7, maana hapo mtakuwa mmedai mara mbili. Viwango navyo havifanani. Mikataba ya Umoja wa Ulaya kwa miradi ya nje huweka kikomo cha asilimia 7. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani, zinazoitwa 2 CFR 200, zilipandisha kiwango cha wasio na makubaliano maalumu kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 1, 2024, lakini hesabu yake huondoa kwanza vitu kama nauli na posho za washiriki. Asilimia kubwa juu ya msingi mdogo inaweza isiwe nyingi kama inavyosikika.

Sasa kiasi cha hatari. Tuseme mwenye ukumbi alitoa karatasi ya mkono tu na mfadhili akaukataa mstari huo. Hampotezi 900,000 peke yake. Asilimia 7 iliyokaa juu yake nayo inaanguka, 63,000, na ankara inashuka kwa 963,000. Fedha hiyo mmeshaitumia. Itatoka wapi?

Kuhusu aina za matumizi yasiyokubalika, orodha iko kwenye mkataba na haifanani kila mahali, ila kuna vitu ambavyo karibu kila mfadhili huvikataa: pombe, burudani, faini, riba ya mkopo, madeni yaliyoshindikana kukusanywa, na michango kwa watu au taasisi nyingine. Faini ndiyo inayowashangaza watu. Mkichelewesha mchango wa NSSF na mkatozwa adhabu, mchango unadaika, adhabu haidaiki, hata kama vyote vimelipwa kwa siku moja. Na zawadi ya harusi ya mwenyekiti wa mtaa, hata kama bila yeye ukumbi usingepatikana, itoke kwenye fedha nyingine ya shirika.

Mkilipwa kwa hatua

Kazi ileile, ankara fupi: "Mafunzo ya siku 3, Mbagala, yamekamilika: TZS 7,110,000." Viambatisho ni taarifa ya mafunzo, orodha ya mahudhurio, na pengine picha. Hakuna anayeuliza sahani 6, hakuna anayeuliza laini ya mwana wa Mwanahawa. Kwa kuwa matumizi halisi pamoja na sehemu ya uendeshaji yalikuwa 6,641,490, shirika linabaki na 468,510 kama akiba, na mikataba mingi ya aina hii inaruhusu hilo. Someni tu kama wenu unaruhusu.

Lakini yote yananing'inia kwenye sentensi moja inayoeleza hatua. Ikiwa imeandikwa "washiriki wasiopungua 40 kila siku", 46, 43 na 41 zimetosha, mmelipwa zote. Ikiwa imeandikwa "wasiopungua 45 kila siku", siku mbili zimeshindwa, na mkataba usiosema lolote kuhusu malipo ya sehemu unampa mfadhili haki ya kutolipa hata senti. Mafunzo yamefanyika, watu wamekula, mwezeshaji amelipwa. Ankara ni sifuri.

Hiyo ndiyo tofauti iliyo muhimu kuliko zote. Kwenye gharama halisi mnaumia kwa mstari mmoja mmoja: risiti moja mbaya inaondoka na kipande chake. Kwenye hatua mnaumia kwa kazi nzima mara moja. Ukisikia mtu anasema njia ya hatua ni rahisi, muulize sentensi ya hatua yake inasemaje.

Kwa hapa kwetu nasisitiza majira. Mvua za masika, Machi hadi Mei, hukata barabara za Mbagala na kupunguza mahudhurio bila kosa la yeyote. Hatua yenye idadi ya watu ikipangwa Aprili iwe na pumzi: idadi ya chini iwekwe kwa jumla ya siku zote, kwa mfano "mahudhurio yasiyopungua 120 kwa siku 3", badala ya idadi ya kila siku. Na kiongezwe kifungu kwamba ikipungua, malipo yatapungua kwa uwiano. Maneno mawili hayo yanabadilisha sifuri kuwa malipo.

Bei ya hatua haitoki hewani. Mfadhili ataomba mchanganuo uleule wa bajeti na ankara kifani za ukumbi, mpishi na vifaa, ili ajiridhishe kwamba 7,110,000 ni bei ya haki. Kwa hiyo mchanganuo haukwepeki, unahamia mwanzoni. Na bei ikishakubaliwa, kupanda kwa bei ni kwenu. Mpishi akitoka 15,000 hadi 18,000 kwa sahani kabla ya siku ya mafunzo, kwa sahani 136 ni 408,000, na akiba yote tuliyoihesabu juu karibu imekwisha.

Risiti nazo bado zinatakiwa. Haziendi kwa mfadhili, lakini TRA itataka kuona kodi ya zuio, na mkaguzi wa hesabu za mwaka atataka kuona matumizi. Shirika lililoacha kukusanya risiti kwa sababu "mfadhili huyu haulizi" linajikuta na hesabu zenye maoni mabaya ya mkaguzi, na mfadhili anayefuata atazisoma.

Fedha ya kuanzia

Kabla ya kuchagua, angalieni salio la benki. Njia zote mbili kwa asili hulipa baada ya kazi. Mafunzo haya yanahitaji zaidi ya milioni 6 mkononi. Shirika lenye milioni 2 na nusu haliwezi kuyaendesha, hata kama ankara yake ingekuwa safi namna gani. Dawa ni masurufu: mfadhili anatoa fedha ya robo mwaka kabla, ninyi mnairejesha kwa hesabu, kisha anatoa nyingine. Masurufu hufuata sheria za gharama halisi, mstari kwa mstari, na kasoro ya robo moja inazuia fedha ya robo inayofuata. Kwa malipo ya hatua, ombeni hatua ya kwanza iwe ndogo na ya mapema, kwa mfano mpango kazi na orodha ya vikundi vilivyochaguliwa, yenye thamani ya kutosha kulipia ukumbi na vifaa.

Ningechagua nini

Kwa kazi inayohesabika na iliyo mikononi mwenu, kama mafunzo, mikutano au utafiti wenye ripoti moja, ningeomba hatua, kwa sharti kwamba nimeiandika sentensi ya hatua mimi mwenyewe na ina malipo ya uwiano. Kwa kazi ambayo gharama zake hamzijui, kama kuhudumia wagonjwa majumbani au kulipia matibabu ya dharura, ningebaki na gharama halisi bila kusita. Bei isiyobadilika kwa kitu msichokijua ni kamari ya fedha ya watu wengine. Na kama shirika halina mhasibu wa kudumu, ila kuna mtu anayekuja siku mbili kwa wiki, hatua inampunguzia mzigo mkubwa, mradi aendelee kukusanya risiti kwa ajili ya TRA na mkaguzi.

Mfadhili akikubali kuchanganya, yaani mishahara kwa gharama halisi na mafunzo kwa hatua, kuna mtego mmoja wa kuutafuta kabla ya ankara ya kwanza. Ile 495,000 ya mratibu ipo ndani ya bei ya mafunzo. Mshahara wake ukidaiwa mzima kwenye mstari wa mishahara, siku zake 6 zimelipwa mara mbili, na mkaguzi ataziona kwa kulinganisha karatasi ya muda na mchanganuo wa bei ya hatua. Karatasi ya muda iwe na safu ya pekee kwa siku za hatua, na siku hizo zitolewe kwenye dai la mshahara: kati ya 1,650,000, mstari wa mishahara mwezi huo unadai 1,155,000.